Droo Iliyowapendelea Waliowahi

Tarehe 1 Mei 2011, watu wa pande zote za dunia walifungua tovuti ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, wakaandika namba ya uthibitisho waliyopewa walipoomba mwaka uliotangulia, wakasubiri ukurasa ufunguke. Ilikuwa siku ya majibu ya bahati nasibu ya viza, ile ambayo huku kwetu wengi wanaijua kwa jina la grini kadi. Wengi mno walisoma kwamba hawakuchaguliwa. Watu wapatao 22,000 walisoma kwamba wamechaguliwa.

Tarehe 13 Mei wizara hiyohiyo ikatangaza kwamba majibu yote yamefutwa. David Donahue, ofisa mwandamizi wa masuala ya viza, alitoa maelezo kwa video: kulitokea hitilafu kwenye kompyuta, uchaguzi haukuwa wa bahati kama sheria inavyodai, na droo itarudiwa. Zaidi ya asilimia 90 ya waliochaguliwa walikuwa watu walioomba katika siku mbili za mwanzo, tarehe 5 na 6 Oktoba 2010. Dirisha la maombi lilikuwa wazi takribani siku 30, hadi 3 Novemba.

Naomba tuitazame habari hii kwa utulivu. Wengi wetu tumo kwenye kamati za shule, za mikopo, za viwanja, za mafunzo ya vijana, na kila mwaka tunagawa nafasi chache kwa watu wengi. Yaliyowapata wale wenye kompyuta na wanasheria yanaweza kutupata sisi wenye daftari na kalamu, tena pasipo mtu kugundua.

Tuanze na sababu ya kuwepo kwa droo yenyewe. Mpango huu ulitokana na sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1990, iliyotenga viza kwa watu wa nchi ambazo wananchi wake huhamia huko kwa idadi ndogo. Kabla haujaanza rasmi kulikuwa na mpango wa mpito, na mwaka 1991 mpango huo uligawa nafasi kwa utaratibu wa anayewahi ndiye anayepata. Nafasi zilikuwa 40,000 kwa mwaka. Maombi yalitumwa kwa barua kwenye sanduku la posta huko Merrifield, jimbo la Virginia. Barua iliyofika kabla ya muda haikuhesabiwa, na iliyochelewa haikuwa na faida, lakini mtu aliruhusiwa kutuma barua nyingi kadiri apendavyo. Matokeo yake ni rahisi kuyakisia. Watu walituma bahasha kwa mamia, na wengine wakasafiri hadi Virginia ili kuziposti karibu na sanduku lenyewe. Barua zilifika kwa mamilioni. Aliyekuwa na fedha ya stempu, muda na jamaa karibu na posta ile alikuwa na nafasi nzuri kuliko fundi aliyetuma bahasha moja kutoka mbali.

Sisi pia tumelelewa kumsifu anayewahi. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, tunawaambia watoto. Hilo ni sawa shambani na kwenye biashara. Lakini fomu za shule zinapotolewa kwa foleni, anayewahi mara nyingi ni yule anayekaa jirani na lango, mwenye gari, au aliyedokezwa tarehe na mtu wa ndani. Mama anayefungua kibanda saa kumi na moja alfajiri hawezi kusimama kwenye foleni saa hiyohiyo, na hilo halina uhusiano wowote na haki ya mwanawe kusoma. Fomu zikihamia mtandaoni, foleni haiondoki. Inahamia kwa mwenye kifurushi na simu nzuri.

Kwa hiyo mpango wa kudumu ulipoanza katikati ya miaka ya 1990, sheria iliweka sharti: viza zigawiwe kwa mpangilio wa bahati tupu. Kila mtu aombe mara moja tu, na anayerudia aondolewe. Aliyeomba siku ya kwanza na aliyeomba siku ya mwisho wawe sawa. Mwaka hadi mwaka watu waliamini hivyo, wakiwemo wengi wa Kenya, Uganda, Tanzania na Kongo, waliojaza fomu zao kwenye vibanda vya intaneti wakisaidiwa na kijana wa dukani.

Kwa droo ile, iliyokuwa ya mwaka 2012 (mpango huhesabiwa kwa mwaka ambao viza zitatolewa), maombi yaliyokubaliwa yalizidi milioni 14 na laki 7. Viza zenyewe hazifiki 55,000. Wizara huchagua watu zaidi ya idadi ya viza, kwa kuwa wengine hawatimizi masharti ya elimu au kazi, na wengine huacha njiani. Droo ya marudio ilichagua watu takribani laki moja.

Sasa tuangalie dalili za kosa lile la Mei. Mkaguzi mkuu wa wizara alichunguza jambo hili baadaye mwaka huohuo, na yaliyojitokeza yanatuhusu sana. Wizara ilikuwa imebadili programu ya kuchagulia. Programu mpya haikufanyiwa majaribio ya kutosha kabla ya kuitumia kwa kazi halisi, na mabadiliko yenyewe hayakupangwa vizuri. Ndugu msomaji, hapo pana dalili ya kwanza, nayo ilikuwepo miezi kabla ya kosa kuonekana. Chombo kinapobadilishwa, hata kama mwonekano wake ni uleule, uaminifu wa chombo cha zamani hauhamii kwenye kipya. Kamati iliyotumia karatasi kwenye ndoo kwa miaka kumi, kisha mwaka huu ikaamua kutumia kompyuta ya katibu, ni kamati mpya kwa upande wa droo. Inapaswa kuanza kujihakiki upya.

Dalili ya pili ilikuwa ndani ya majibu yenyewe, na hii ndiyo inayoniuma zaidi. Siku mbili katika siku 30 ni chini kidogo ya asilimia 7. Tukubali kwamba siku za mwanzo huwa na msongamano, kwa hiyo pengine sehemu yao ya maombi ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Lakini haiwezi kuwa zaidi ya asilimia 90. Ili kuliona hilo hakuhitajiki mtaalamu wa takwimu. Inatosha kuchukua orodha ya waliochaguliwa, kuandika pembeni ya kila jina siku alipoomba, na kuhesabu. Kazi hiyo kompyuta huifanya kwa sekunde chache. Kama ingefanyika na kuzingatiwa tarehe 30 Aprili, hakuna mtu hata mmoja ambaye angeambiwa ameshinda kisha akanyang'anywa.

Tazama ugumu wa kosa la namna hii. Hakuna aliyelalamika kwamba mfumo umekwama. Programu ilifanya kazi hadi mwisho, ikatoa orodha yenye idadi ya watu, nchi mbalimbali, majina ya kila kabila la dunia. Kwa macho ya haraka ilionekana kuwa imechanganyika. Orodha ya watu wa kanda zote huonekana ya bahati hata kama wote walijiandikisha asubuhi moja. Droo ilikuwa imegeuka kuwa foleni, na foleni hiyo haikuwa na mtu aliyeiona.

Waliokuwa wamechaguliwa waliumia kweli. Baadhi yao walifungua kesi mahakamani Washington wakidai majibu ya Mei yaheshimiwe. Tarehe 14 Julai 2011 Jaji Amy Berman Jackson alitupilia mbali kesi hiyo. Sheria ilidai bahati tupu, uchaguzi wa kwanza haukuwa wa bahati, na mahakama haikuweza kuilazimisha wizara itoe viza kwa msingi wa droo batili. Kesho yake majibu mapya yakawekwa hewani. Waombaji hawakutakiwa kujaza fomu upya, maombi yaleyale ya mwanzo yaliingizwa tena kwenye droo. Lakini fanya hesabu: wanaochaguliwa laki moja katika milioni 14 na laki 7 ni kama 7 katika kila elfu moja. Ukichukua wale 22,000 na kuwapa nafasi sawa na wengine wote, kwa hesabu ya jumla ni kama 150 tu watakaobahatika tena. Waliobaki walirudi kundini wakiwa tayari wameshawaaga watu moyoni.

Je, wizara ilikosea kufuta? Kwa maoni yangu, la. Mamilioni walioomba baada ya 6 Oktoba walikuwa wamenyimwa nafasi yao pasipo kujua, na kuyaacha majibu yale kungekuwa kuwaambia kimya kimya kwamba haki yao si hoja. Kosa lilikuwa kutangaza kabla ya kuhakiki. Tangazo la matokeo likishasomwa, kila njia ya kulirekebisha ina mtu itakayemwonea.

Kuna watakaosema: basi tuachane na kompyuta, turudi kwenye karatasi na ndoo, mambo yafanyike hadharani watu wakiona. Hadharani ni vizuri, lakini hadharani peke yake haitoshi. Tarehe 1 Desemba 1969, wakati wa vita vya Vietnam, Marekani ilipiga droo ya kuandikisha vijana jeshini mbele ya kamera za televisheni. Vidonge vya plastiki 366 viliwekwa, kila kimoja na tarehe ya kuzaliwa ndani yake. Tarehe iliyotoka kwanza, 14 Septemba, ilipewa namba 1, na vijana waliozaliwa siku hiyo wakawa wa mbele kuitwa. Vidonge viliingizwa sandukuni mwezi baada ya mwezi, Januari kwanza na Desemba mwisho, vikatikiswa, kisha vikamiminwa kwenye chombo cha kioo. Kutikiswa hakukutosha. Tarehe za mwisho wa mwaka zilibaki kwa wingi upande wa kuokotwa mapema. Mwishowe waliitwa wenye namba 1 hadi 195. Katika siku 31 za Desemba ni tano tu zilizonusurika, ilhali kwa mchanganyiko wa haki zingetarajiwa kama 14.

Nchi nzima iliangalia na hakuna aliyeona hila, kwa sababu hapakuwa na hila. Mpangilio wa kuingiza ulikuwa umesalia ndani ya chombo. Ndivyo ilivyotokea tena 2011 kwa njia ya kompyuta: mpangilio wa kufika uliponyoka ukaingia kwenye matokeo. Droo iliyofuata ya jeshi, mwaka 1970, ilifanywa kwa uangalifu mkubwa zaidi, kwa kutumia mapipa mawili, moja la tarehe na jingine la namba.

Basi tufanyeje sisi wa kamati ndogo? Tuchukue mfano tuliotunga. Chuo cha ufundi cha wilaya kina nafasi 40 za ushonaji, na waombaji waliotimiza vigezo ni 612. Dirisha lilikuwa wazi siku 14, na katika siku mbili za kwanza waliomba watu 153, yaani robo kamili.

Kazi ya kwanza hufanyika kabla ya droo, nayo ni kusafisha orodha. Mtu mmoja, namba moja. Linganisha namba za vyeti vya kuzaliwa au vitambulisho, si majina peke yake, kwa kuwa Juma Hamisi ni wengi na Juma huyohuyo anaweza kujiandika Jumaa. Ukiacha marudio ndani, umerudisha zile bahasha za Merrifield. Orodha ikishakuwa safi, mpe kila mwombaji namba kuanzia 1 hadi 612, mjulishe namba yake, bandika orodha ya namba kwenye ubao, na utoe siku tatu za kupokea malalamiko. Baada ya hapo orodha inafungwa. Hakuna anayeingia, hata mjumbe wa bodi akipiga simu.

Droo yenyewe yaweza kufanywa bila vipande 612 vya karatasi, ambavyo ni vigumu kuvichanganya kama vile vidonge 366. Chukua mfuko usioonyesha ndani na mipira kumi iliyo sawa kwa ukubwa na uzito, iliyoandikwa 0 hadi 9. Mtu anachomoa mmoja, unaandikwa, unarudishwa, mfuko unatikiswa. Mara tatu hivyo unapata namba ya tarakimu tatu. Ikitoka 4, 1, 7, basi ni mwombaji wa 417. Ikitoka 0, 3, 8, ni wa 38. Ikitoka 845 au 000, hakuna mwombaji wa namba hiyo, mnaitupa na kuanza upya. Namba iliyokwisha kutoka pia inarukwa. Ili kupata washindi 40 mtachomoa mipira kama mara 200, na ni kazi ya saa moja au mbili ikiwa watu wametulia. Endeleeni papo hapo hadi mpate 20 wengine wa akiba, kwa kufuata mpangilio wa kutoka, ili mtu asikae baadaye ofisini akiamua nani wa kujaza pengo.

Kuna mtego hapa ambamo watu wenye nia njema huanguka. Katikati ya zoezi atatokea mtu mwenye haraka atakayesema: kwa kuwa hakuna mwombaji zaidi ya 612, kwenye tarakimu ya kwanza tuweke mipira 0 hadi 6 tu. Hilo halina ubaya. Kisha itatoka 6, ifuate 5, halafu 0, naye aseme: 650 haipo, turudie tarakimu hizi mbili za mwisho tu, ile 6 tuiache. Mkikubali, mmeharibu droo. Tarakimu 6 hutoka mara moja kati ya saba, na wenye namba 600 hadi 612 ni watu 13 tu wanaogawana bahati ambayo kwingine hugawanwa na watu 100. Kila mmoja wao atakuwa na nafasi karibu mara nane ya mwenzake. Na ni akina nani hao? Kama namba zilitolewa kwa kufuata siku ya kuomba, ni walioomba mwisho. Namba isiyokuwepo hutupwa yote, na mnaanza tena kwenye tarakimu ya kwanza.

Wanaotumia jedwali la kompyuta wana mitego yao. Wengi huandika `=RAND()` mbele ya kila jina kisha hupanga orodha kwa namba hizo, na njia hiyo ni nzuri. Lakini namba hizo hubadilika kila unapogusa jedwali, kwa hiyo orodha unayoiona baada ya kupanga haiwezi tena kuthibitishwa kwa namba zilizo mbele yake. Zigandishe kwanza, kwa kuzinakili na kuzibandika kama thamani tupu, kisha panga. Hakikisha pia umechagua safu zote kabla ya kupanga, maana ukipanga safu ya majina peke yake, majina yatahama na namba za simu zitabaki, na utamjulisha Asha majibu ya Zuhura. Jambo la mwisho: droo moja tu. Anayebonyeza mara ya pili kwa kuwa hakupenda matokeo ya kwanza hafanyi droo tena, anachagua.

Programu yoyote ijaribiwe kwa orodha ya kubuni kabla ya siku yenyewe. Iendeshe mara elfu moja ikichagua 40 katika 612, uhesabu kila namba imeshinda mara ngapi. Kila moja inatarajiwa kushinda mara 65 hivi, baadhi 55, baadhi 75. Ukikuta namba za mwanzo zinashinda mara mia sita na za mwisho mara tano, umeokoka.

Siku ya droo yenyewe, kabla ya kutangaza, fanya ile hesabu ambayo ingewaokoa wale 22,000. Walioomba siku mbili za kwanza walikuwa robo ya wote, kwa hiyo kati ya washindi 40 unatarajia kama 10 kutoka kwao. Ukipata 7 au 13, usishtuke, bahati huyumba. Ukipata 36, ambayo ni asilimia 90 kama ya Marekani, usitangaze. Itafute hitilafu kwenye utaratibu. Fanya hivyohivyo kwa kata wanakotoka, kwa wasichana na wavulana, na kwa herufi ya kwanza ya jina, kwa kuwa orodha nyingi huwa zimepangwa kwa herufi na mpangilio huo pia hupenda kuvuja. Lakini andikeni mapema, mbele ya mashahidi, ni tofauti kubwa kiasi gani itakayosimamisha matangazo. Bila kanuni iliyoandikwa kabla, uhakiki wenyewe unaweza kuwa kisingizio cha kurudia droo hadi mtoto wa fulani atoke.

Sasa majibu. Yatolewe kwa wote kwa wakati mmoja, walioshinda na wasioshinda. Kumjulisha mshindi pekee kunamwacha mwingine akisubiri, na anayesubiri ndiye anayeuziwa tumaini na matapeli. Bahati nasibu ya viza imezalisha biashara nzima ya namna hiyo: mtu anapokea barua pepe ya pongezi ikimtaka atume pesa, ilhali mahali pa kuthibitisha ni kwenye ukurasa rasmi tu kwa namba yake mwenyewe. Wengine walimwachia wakala aliyewajazia fomu namba hiyo ya uthibitisho, na akaikalia hadi alipwe. Mwombaji abaki na namba yake mkononi, na tangazo liseme wazi kwamba hakuna malipo ya kujua majibu.

Maneno ya ujumbe yawe ya kweli kabisa. Kule Marekani kuchaguliwa kunakupa ruhusa ya kuendelea na hatua, siyo viza, na ni rahisi kuyachanganya mambo hayo mawili. Kwa chuo chetu cha mfano ujumbe wa simu ungeweza kuwa hivi: "Namba 417: umechaguliwa katika droo ya 12 Machi. Nafasi itakuwa yako ukileta cheti halisi kabla ya 26 Machi saa 9 alasiri. Hakuna malipo." Na kwa mwenzake: "Namba 208: hukuchaguliwa. Uko wa 6 katika akiba. Tutakujulisha kabla ya 2 Aprili, ukipata nafasi au ukikosa." Yule asiyekuwa hata kwenye akiba aambiwe hivyo waziwazi, ili atafute kwingine mapema. Maneno kama "maombi yako bado yanashughulikiwa" ni ukatili kwa mtu ambaye jina lake halikutoka.

Ubaoni weka namba, usiweke majina na simu za watu, hasa ikiwa ni watoto. Bandika na kumbukumbu ya droo: namba zote zilizotoka kwa mpangilio, pamoja na zilizotupwa, na sahihi za mashahidi. Mwenye shaka ataifuata hatua kwa hatua bila kuhitaji kumwamini mtu.

Kama kamati yako ina droo mwezi huu, ombeni katibu alete orodha ya mwaka jana ya waliochaguliwa ikiwa na tarehe za kuomba. Hesabuni wangapi waliomba siku mbili za kwanza, mlinganishe na idadi ya maombi yote ya siku hizo. Mkikuta wamelundikana hapo, msitumie tena njia ileile mpaka mjue kwa nini.